Hakuna Aliyejitoa

Kampuni yetu inatuma meseji. Ndiyo kazi yenyewe, na yeyote atakayekupambia maneno zaidi ya hayo anataka kukuuzia kitu. Maduka ya dawa yanatupa namba za wateja wao, mfumo wetu unawatumia watu hao meseji, jua likiwaka mvua ikinyesha, bila mtu kugusa kitufe. Mimi ni msanifu wa mfumo huo. Naamua mteja akifanya hivi, mfumo ufanye vile. Wengine ofisini wanaamua rangi ya kalenda.

Mkuu wa Masoko tunamwita Asilimia, kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kutaja asilimia. Jumatatu hiyo asubuhi alitukusanya mbele ya ubao, kavaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akaandika sifuri kubwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake akaandika: waliojitoa.

"Wateja elfu themanini," alisema, akatuangalia mmoja mmoja kama bwana harusi. "Kila meseji tunawaambia, kujitoa jibu ACHA. Na mwezi mzima hakuna hata mmoja aliyejitoa. Hiyo ni asilimia sifuri! Jamani, watu wanatupenda."

"Mama yangu mzazi ana watoto watano tu," nikasema, "na kila wiki kuna mmoja aliyemchoka."

Watu wakacheka. Asilimia naye akacheka, maana hakuelewa. Nami nikarudi mezani kwangu nimeridhika na mzaha wangu, sikujishughulisha kuuliza inawezekanaje watu elfu themanini wakae kimya kiasi hicho. Ningeuliza siku hiyo, ningekuwa na akili. Lakini mimi nilikuwa na ulimi tu.

Saa sita mchana mlinzi alinipigia simu, mdogo wangu yuko mapokezi. Mdogo wangu ni mwalimu wa darasa la pili, na mwalimu haachi darasa saa sita. Nilimkuta amekaa kwenye kochi la wageni, chaki bado iko kwenye vidole, kifuko chake amekikumbatia kama kuna mtu anataka kumpora.

"Dada," alisema, "nyinyi ndio mnatuma hizi?"

Akanipa simu. Kulikuwa na meseji saba, zote za aina moja: Habari mteja wetu mpendwa! Vidonge vyako vya kupanga uzazi vinakaribia kuisha. Fika dukani leo usikose dozi. Kujitoa, jibu ACHA.

Hapa ni lazima ujue jambo moja. Mdogo wangu ana miaka mitatu ya ndoa na hajapata mtoto. Anaishi kwa wakwe. Mama mkwe wake ni mtu wa maneno, na kwa miaka mitatu maneno yake yamekuwa ni yale yale: mjukuu wangu yuko wapi. Mdogo wangu na mumewe wamezunguka hospitali, wamepimwa mpaka wamechoka. Analia, nimemwona akilia. Sasa jana yake, Jumapili, alikuwa anaosha vyombo, simu ikalia mezani, mama mkwe akaichukua na kuisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima.

"Ameniita mnafiki," alisema. "Eti kumbe miaka yote mwanawe analia na mimi nameza vidonge jikoni. Mume wangu alitoka akaenda kukaa nje."

Sasa sikiliza nilichokifanya mimi, dada mtu, niliyemlea huyo mtoto mgongoni. Niliangalia huku na huku, nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Niambie ukweli, mama. Unavinywa?"

Alinitazama. "Hata wewe?"

Nikaona aibu, nikaificha kwa hasira, jambo ambalo nina kipaji nalo. "Basi kwa nini hukujitoa?" nikamfokea. "Si wamekuandikia hapo, jibu ACHA!"

Alishusha ile skrini kwa kidole. Alikuwa amejibu. ACHA. ACHA. Acheni tafadhali. Acha jamani mnanivunjia nyumba. Na pembeni ya kila jibu kulikuwa na alama nyekundu: haikutumwa.

Nikaangalia juu, mahali pa mtumaji. Palikuwa na jina la duka, kwa herufi, zuri, limenyooka. Si namba, ni jina. Meseji ikitumwa kwa jina, lile jina ni kibandiko tu, halina laini nyuma yake. Ukilijibu, jibu lako haliendi popote. Tulikuwa tumewaambia watu elfu themanini wagonge mlango tuliouchora ukutani, kisha tukashangilia kwamba hakuna anayegonga.

Nilimwambia mdogo wangu arudi kazini, leo hii namtoa mwenyewe, hatapata meseji nyingine. Nilimwambia kwa ule uhakika wa watu wa ofisini.

Nikamwendea Kipara. Kipara ndiye mwandishi wa programu, kijana wa watu, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na ndani yake hakuna kinachoishi muda mrefu.

"Nani aliweka mtumaji awe jina?"

"Asilimia. Alisema namba haina mvuto."

"Na nani aliweka jibu ACHA?"

"Mimi. Kanuni zinasema lazima tuweke maelezo ya kujitoa." Akainua mabega. "Si nimeyaweka?"

"Na ulijaribu kujibu, hata mara moja?"

"Kanuni hazikusema nijaribu," alisema, na hakuwa akitania.

Nilisonya mpaka meno yakauma. Nikaketi kwenye kompyuta yake, nikafungua orodha ya waliozuiwa, ambayo ilikuwa tupu kama mfuko wa mlevi, nikaandika namba ya mdogo wangu kwa mkono wangu. Kipara alitaka afute jina lake kabisa, nikamkatalia. Ukimfuta mtu, wiki ijayo duka likileta orodha yake upya anaingia tena kama mgeni. Mtu aliyekataa humfuti, unamwekea alama kwamba amekataa, na alama inabaki. Hayo nilimfundisha Kipara kwa sauti ya mwalimu mkuu, nikaondoka kifua mbele.

Jumanne asubuhi meseji ya nane ikaingia kwenye simu ya mdogo wangu.

Kumbe mfumo ulikuwa unaitazama orodha ya waliozuiwa mara moja tu, Jumapili, wakati wa kupanga meseji za wiki. Zikishapangwa foleni, hakuna anayeuliza tena. Ungeweza kukataa Jumatatu na ukaendelea kupokea mpaka Jumamosi, kwa mpango kamili. Aliyebuni hivyo alikuwa mimi. Miaka mitatu iliyopita niliona ni haraka zaidi, kuangalia mara moja badala ya kila meseji, nikapigiwa makofi.

Mdogo wangu alinipigia akiwa chooni shuleni, nasikia mwangwi. "Umesema haitakuja tena. Nimewaambia, dada yangu anafanya kazi huko, amezifunga. Mama mkwe akasubiri kabisa simu mezani. Imekuja, dada. Amewaita wakubwa wa pande zote Jumamosi. Wanasema nikishindwa kueleza, nirudi nyumbani kwetu."

"Na shemeji?"

"Anasema anataka kuniamini. Nipe karatasi. Karatasi ya kampuni inayosema sijawahi kununua hivyo vidonge. Kitu cha kushika mkononi."

Nilikata simu, nikaifuta foleni nzima, meseji zote zikasimama, kisha nikafungua kumbukumbu ya namba yake. Nilikuwa nimeshajua nitakachokikuta. Muuzaji fulani mzembe, kaandika tarakimu moja kimakosa. Au Asilimia, kanunua orodha ya namba mahali. Nilikuwa nimeshaandaa matusi ya kila mmoja wao.

Dawa: vidonge vya kupanga uzazi. Kibali cha kutumiwa meseji: ndiyo. Tarehe ya kuingizwa: miaka miwili nyuma, Alhamisi. Aliyeingiza: jina langu.

Nililisoma mara tatu. Halafu nikakumbuka, na heri nisingekumbuka. Tulikuwa tunajenga sehemu ya kuwakumbusha watu dawa, nikahitaji kuona meseji ikifika kwenye simu halisi, maana kwenye kompyuta kila kitu hufika. Nikaandika namba ya mdogo wangu kwa sababu naijua kwa moyo. Dawa nikachagua ya kwanza iliyonijia kichwani, na iliyonijia ni yangu, ilikuwa kwenye pochi, miguuni pangu. Nikatuma. Ikaenda. Mambo ya majaribio yana hifadhi yake, nikayaacha humo nikaenda kula.

Mwezi uliopita tulihamishia mfumo kwenye mitambo mipya, na Kipara akahamisha kila kitu, ya kweli na ya majaribio, kama mtu anayehama nyumba na takataka zake. Nafasi ya kibali kwenye kumbukumbu nyingi ilikuwa wazi, haina ndiyo wala hapana. Asilimia akaagiza zote zilizo wazi ziandikwe ndiyo. "Angekuwa hataki, angesema," alisema siku ile. Mimi nilikuwepo. Nilikunja uso, basi. Kukunja uso ndio ulikuwa mchango wangu.

Jumatano mimi, Asilimia na Kipara tukaitwa kwa mkurugenzi, mama mmoja mfupi wa maneno machache, kwa sababu nilikuwa nimesimamisha meseji zote bila ruhusa na Asilimia amenishtaki. Asilimia aliingia na jedwali lake, shati limesimama.

"Kwa siku moja tu tumepoteza asilimia kumi na nne ya..."

"Toa simu yako," nikamwambia. "Wewe pia ni mteja, ulijiandikisha. Jibu ACHA."

"Mimi sitaki kujitoa."

"Jibu," mkurugenzi alisema.

Akaandika, akabonyeza. Tukasubiri. Ile alama nyekundu ikatokea, naye akaigeuza simu ubavu, akaigeuza tena, labda alidhani mtandao umeingia vumbi. Sijawahi kuona sifuri kubwa vile ikimrudia mwenyewe.

Nikasema yote, nikitoa mfano wa mwalimu mmoja aliyejibu ACHA bila kusikika. Kwamba tuchukue namba fupi ya tarakimu tano inayopokea majibu, na mteja asikatwe hata senti kujibu. Kwamba mfumo ukubali ACHA, acha, STOP, TOKA, SITAKI, kwa herufi kubwa au ndogo, na mtu akiandika sentensi nzima ya kutusihi, ifike kwa binadamu aisome siku hiyo hiyo, maana watu wetu hukataa kwa adabu, hawakatai kwa neno moja. Akikataa apate jibu moja tu, tumekutoa, kisha kimya. Orodha ya waliokataa iangaliwe kila meseji inapotoka, sekunde ile, si Jumapili. Aliyekataa asirudishwe na orodha mpya ya duka, arudi mwenyewe kwa hiari yake. Kukubali kukumbushwa dawa kusiwe kukubali matangazo, na meseji isitaje dawa, maana simu huokotwa na yeyote.

"Na kuingia?" mkurugenzi aliuliza.

"Namba ikiingia, hata iingizwe na nani, mfumo uitumie meseji moja kuuliza, na usubiri NDIYO. Isipokuja, hakuna kitu. Na tuhifadhi alikubali lini, wapi, na alisoma maneno gani. Nafasi ikiwa wazi, maana yake hapana."

"Basi tuwatumie wote elfu themanini hiyo ya kuuliza," Asilimia alirukia. "Leo! Kwa mvuto kidogo, na zawadi..."

"Hao hawajakubali kutumiwa chochote, hata swali. Waulizwe kaunta, wakija kwa miguu yao."

"Wenye ushahidi wa kukubali ni wangapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Elfu sita na kidogo."

Asilimia alikaa. Hakutaja asilimia yake, nadhani ilikuwa inamchoma. Nilimtazama kwa raha ambayo siwezi kuikana.

"Fanyeni hivyo," mkurugenzi alisema. Kisha akanigeukia. "Na huyu mteja wa mfano, mwalimu. Yeye aliingiaje?"

Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watu wanne. "Hitilafu wakati wa kuhamisha," nikasema. Ilikuwa kweli nusu, na mimi nilichagua ile nusu.

Asilimia alinifuata kwenye korido, amepata nguvu kidogo. Nadhani alikuwa ameiona kumbukumbu, au amenusa. "Barua ya huyo mwalimu iandike hivyo hivyo," aliniambia kwa upole kabisa. "Hitilafu ya mfumo. Mfumo hauna uso, dada. Hakuna anayegombana nao." Nikamdharau kuliko siku zote. Halafu nikaenda nikaiandika barua, maneno yale yale.

Jumamosi alasiri tulikaa sebuleni kwa wakwe. Upande mmoja mama mkwe, kitambaa kimefungwa kichwani kama anaenda vitani, na shemeji zake wawili wa kiume, wakubwa wa ukoo wao. Upande mwingine mimi na baba mdogo wetu, ambaye alikuja kwa heshima na alikuwa ameshaanza kusinzia. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, peke yake, kati. Mumewe alisimama mlangoni, si ndani si nje.

Nilisoma barua. Nilieleza kwamba binti huyu hajawahi kununua vidonge hivyo, duka halina hata risiti moja yenye namba yake, na kampuni inaomba radhi kwa hitilafu ya mfumo. Niliisoma vizuri. Nina sauti ya kusoma barua.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwandalia dharau yangu tangu Jumatatu, nikamhesabu mwanamke wa kelele asiyejua hata kufunga simu. Akauliza swali ambalo mkurugenzi wangu hakulirudia.

"Mfumo ulimjuaje mke wa mwanangu?"

"Ni hitilafu, mama. Namba..."

"Hitilafu nimeisikia. Wewe unafanya kazi huko. Namba kumi zote za simu yake, moja baada ya nyingine, mfumo ulizitoa wapi? Ulimwota?" Akaiweka barua mezani. "Kama alizitoa yeye mwenyewe dukani, sema. Kama hakuzitoa yeye, kuna aliyezitoa. Ni nani?"

Sebule nzima ilinitazama. Baba mdogo akazinduka. Nikaona ile barua ilivyo: nikiiacha hapo, mdogo wangu atabaki na doa maisha yake yote, maana hitilafu isiyo na mwenyewe atabebeshwa huyo huyo aliyekaa kwenye kigoda. Mumewe alikuwa anatazama sakafu.

"Ni mimi," nikasema.

Nikaeleza yote, Alhamisi ile, simu halisi, dawa ya kwanza iliyonijia. Nikafungua pochi, nikaweka pakiti ya vidonge vyangu mezani, mbele ya wanaume, mbele ya baba mdogo wangu aliyeinamisha kichwa haraka kutazama viatu vyake. Nikatoa na karatasi ya kumbukumbu yenyewe, ambayo sikuwa na ruhusa ya kuitoa ofisini, yenye jina langu.

Mama mkwe aliisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye kigoda, akasimama mbele ya mdogo wangu. "Nilikuita mnafiki mbele ya watu," alisema. "Mbele ya watu hao hao nasema nilikukosea. Nisamehe, mwanangu." Na mume akaingia ndani, hatimaye, akapiga magoti pale kwenye kigoda, hajali nani anaona. Mimi hakuna aliyeniangalia. Shemeji mmoja alinisogezea pakiti yangu kwa ncha ya kidole.

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka getini. Nilidhani atanikumbatia. Nilikuwa nimejiaibisha kwa ajili yake, na moyoni nilishaanza kujihesabia thawabu.

"Ungeniuliza tu, dada," alisema. "Siku ile. Ungesema, mdogo wangu, naomba nitumie namba yako."

"Nilipitiwa. Nilikuwa na haraka, na namba yako naijua kwa..."

"Hukupitiwa. Hukuona kama kuna cha kuuliza." Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Ndivyo ulivyo. Nguo zangu ulikuwa unavaa, barua zangu ulikuwa unafungua, shule yangu ulinichagulia. Jumatatu nimekuja nalia, ukaniuliza kama navinywa." Akafungua geti. "Usinipigie. Nikikuhitaji nitakupigia mimi."

"Mpaka lini?"

"Umesikia, dada."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba mimi ni wa kwake, kwamba mtu hajitoi kwa ndugu yake, kwamba kesho hasira zikipoa nitampigia tu na tutacheka. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa mazuri. Nikaufunga mdomo, nikapita getini.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nasikia kwa mama kwamba yeye na mumewe wamepanga chumba kingine, na kwamba anacheka. Namba yake naijua kwa moyo. Sijaipiga.